Dalali Adai Ujira wa Kiwanja Kilichouzwa Bila Yeye

Ahadi ni deni, walisema wahenga, na neno hilo ndilo ambalo madalali hupenda kulitaja wanapodai ujira wao. Lakini deni la ahadi ni lile lililoahidiwa, wala si zaidi. Kwa hiyo mtu anapodaiwa ujira kwa mauzo ambayo dalali hakuyakamilisha, swali la kwanza si kazi kiasi gani ilifanywa, bali ni jambo gani lililosemwa kwamba likitokea ujira utalipwa. Na utazamwe mfano huu, msomaji, maana mambo ya namna hii hutokea mara kwa mara katika miji yetu inayokua.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na kiwanja cha futi 50 kwa 100 karibu na Athi River. Mwezi wa Januari, mwaka 2024, alimwita kijana mmoja dalali wa mtaa ule akamwonyesha mipaka. Hawakuandikiana hati yo yote, ila jioni ile Mwalimu alimpelekea ujumbe wa simu uliosema hivi: "Niuzie kiwanja changu kwa shilingi 1,600,000, nawe utapata shilingi 3 kwa kila 100. Dalali mwingine simtaki." Kijana akajibu, "Sawa, Mwalimu. Nashukuru."

Dalali alisimamisha kibao penye kiwanja, akawapeleka watu watatu kukitazama. Wa pili wao alikuwa mwenye matatu, aliyefika mwishoni mwa Februari. Alizunguka kiwanja, akauliza habari za maji, kisha akasema bei ni kubwa akaenda zake. Dalali alimpigia simu mara moja katika mwezi wa Machi, na tangu hapo hakumtafuta tena.

Ilipofika Juni Mwalimu alihitaji fedha za matibabu, akapunguza bei hata shilingi 1,450,000. Hakumwambia dalali. Jumapili moja, baada ya ibada, aliwatajia wazee wa kanisa kwamba anauza. Mzee mmoja alikuwa akifahamiana na mwuguzi aliyetafuta mahali pa kujenga, akawakutanisha. Mwezi wa Agosti walitia sahihi mbele ya wakili, na fedha zikalipwa zote.

Dalali alipita pale akakuta kibao chake kimeng'olewa na mchanga umemwagwa. Alipouliza aligundua kwamba yule mwuguzi ni dada wa mwenye matatu. Siku ya pili alikuwa mlangoni kwa Mwalimu akidai shilingi 48,000. "Mwalimu," alisema, "mimi ndiye niliyemleta ndugu yake, na wewe uliniandikia kwamba dalali mwingine humtaki. Kumbe ulinizunguka." Mwalimu akamjibu kwa hasira kwamba mauzo aliyafanya mwenyewe. Wakaachana vibaya.

Bahati njema, jirani wa Mwalimu alikuwa mzee aliyepata kuwa karani wa mahakama. Huyu aliwaita wote wawili nyumbani kwake, akaomba aletewe simu ya Mwalimu na daftari la dalali. Hakuuliza nani amemkosea nani. Alianza kwa kuyasoma maneno ya ule ujumbe, polepole, mara mbili.

Kisha akawaeleza kwamba mapatano ya udalali huwa ya namna tatu, na kila namna ina jawabu lake. Namna ya kwanza ni ile ya wazi: mwenye mali anaweza kuwatumia madalali wengi, naye anaweza kuuza mwenyewe, na ujira humwendea yule tu ambaye kazi yake ndiyo iliyoleta mauzo. Namna ya pili ni ya dalali mmoja peke yake: mwenye mali anajifunga asimtumie dalali mwingine, lakini hakujifunga asiuze kwa mkono wake mwenyewe. Namna ya tatu ni ya haki kamili ya kuuza: muda wa mapatano ukiwa haujaisha, dalali hulipwa hata kama mnunuzi ameletwa na shangazi yake mwenye mali.

"Neno la Mwalimu, 'dalali mwingine simtaki,' ni la namna ya pili," alisema yule mzee. "Kijana wangu, wewe umelisoma kama la tatu. Yule mzee wa kanisa hakuwa dalali wala hakulipwa kitu. Kama ungetaka ulipwe hata Mwalimu akiuza mwenyewe, maneno hayo yangepaswa kuandikwa waziwazi."

Kosa hili ni la kawaida sana, na hufanywa na pande zote mbili. Dalali husikia "peke yako" akadhani amepewa kiwanja kizima. Mwenye mali naye hudhani kwamba akikutana na mnunuzi ana kwa ana, basi ujira umekufa. Wote wawili hukosea.

Ndipo mzee akaendelea na jambo la pili. Hata mwenye mali akiuza mwenyewe, dalali hustahili ujira ikiwa yeye ndiye chanzo cha kweli cha mauzo hayo. Chanzo cha kweli si yule aliyetangulia kulitaja jina la kiwanja. Ni yule ambaye bila kazi yake mnunuzi huyu asingefika kununua. Ili kukijua chanzo hicho, mzee alitwaa karatasi akaandika tarehe upande mmoja na matendo upande wa pili: mnunuzi alisikia lini habari ya kiwanja kwa mara ya kwanza, kwa kinywa cha nani, nani alimwonyesha, nani alizungumza naye juu ya bei, na fedha zilitoka kwa nani.

Daftari la dalali lilimsaidia hapa, kwa kuwa lilikuwa na jina la mwenye matatu, nambari ya simu yake, na tarehe aliyokitazama kiwanja. Madalali wengi hawaweki daftari la namna hii, na wanapodai hubaki na maneno matupu. Lakini daftari lenyewe halikuwa na jina la mwuguzi. Mwuguzi alipoitwa alieleza kwamba habari aliipata kwa mzee wa kanisa mwezi wa Juni, naye alimwambia kaka yake baadaye tu, baada ya kukiona kiwanja mwenyewe. Kaka yake alimjibu kwamba anakijua na kwamba si kibaya. Alionyesha stakabadhi za chama chake cha akiba na mikopo: fedha zilikuwa zake, na hati ya mauzo ilikuwa kwa jina lake.

Kwa hiyo neno la kaka lilimthibitisha mnunuzi, lakini halikumleta. Kazi ya dalali ilifika kwa mwenye matatu ikakoma hapo. Dai la ujira likaanguka.

Mwalimu alitaka kutabasamu, lakini mzee alimzuia. "Usifurahi upesi, Mwalimu. Kama mwenye matatu mwenyewe angalirudi kwako mwezi wa Juni, ukamwuzia kwa bei ile ya chini, ungalikuwa na deni." Kupunguza bei hakumfuti aliyemleta mnunuzi, wala kupita miezi michache hakutoshi peke yake, ikiwa mnunuzi ni yule yule na nia yake ni ile ile. Hali kadhalika, kama mwenye matatu angalimtumia dada yake kuwa kivuli ili ujira usilipwe, fedha zikatoka mfukoni mwake, jina la dada lisingaliwasaidia. Ndiyo sababu mzee alitaka kuziona stakabadhi.

Tena, hesabu ya dalali ilikuwa na kosa. Ahadi ilikuwa shilingi 3 kwa kila 100, na kiwanja kiliuzwa kwa shilingi 1,450,000. Kwa kuwa hapakuandikwa neno jingine, ujira ungehesabiwa kwa bei iliyolipwa, nao ungekuwa shilingi 43,500, wala si 48,000.

Dalali akauliza, "Na jasho langu, Mzee? Nauli, na kibao, na siku zangu?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni chungu. Ujira ulioahidiwa juu ya mauzo hulipwa mauzo yakitokea kwa kazi ya dalali. Yasipotokea hivyo, hasara ni ya dalali, kwa sababu ndiyo kamari aliyoikubali ili apate fungu kubwa siku ya heri. Kanuni hii, ambayo Kenya iliirithi pamoja na sheria ya mikataba ya Kiingereza, ilielezwa kwa nguvu mwaka 1941 katika shauri la Luksa na Kupa, lililoamuliwa na Baraza Kuu la Malodi huko Uingereza. Wakala alikuwa ameahidiwa pauni 10,000 majumba ya sinema yakiuzwa. Alileta mnunuzi aliyekuwa tayari, lakini wenye mali wakaghairi wasiuze, na wakala hakupata kitu. Gharama za kibao na nauli hurudishwa tu ikiwa ziliahidiwa mbali.

Hata hivyo Mwalimu, kwa hiari yake, alitaka kumlipa kijana shilingi 4,500 alizotumia kwa kibao. Mzee alimwandikia stakabadhi iliyosema kwamba fedha hizo ni za kibao, zimetolewa kwa wema, na kwamba hakuna deni la ujira linalokubaliwa wala linalobaki. Bila maneno hayo, malipo madogo huweza kusomwa kesho kuwa ni sehemu ya deni kubwa.

Kama wasingalipatana, shauri lingeweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Huko ujumbe wa simu huweza kuonyeshwa kuwa ushahidi. Lakini dalali angeulizwa pia kama ameandikishwa na Bodi ya Madalali wa Ardhi na Nyumba, kwa kuwa Sheria ya Madalali hao, Sura ya 533, inakataza mtu asiyeandikishwa kuifanya kazi hiyo. Asiyeandikishwa asitumaini kwamba mahakama itamsaidia kwa urahisi kudai ujira wa kazi iliyokatazwa.

Kabla hawajaagana, mzee aliwaandikia maneno ambayo yangaliwaepusha na ugomvi wote: "Mapatano haya ni ya miezi 3. Mwenye mali akipata mnunuzi mwenyewe, ujira haulipwi. Muda ukiisha dalali atatoa orodha ya watu aliowaleta, na mmoja wao akinunua katika miezi 3 inayofuata, ujira utalipwa kwa bei iliyouzwa." Dalali akaiomba karatasi ile. Alikuwa na viwanja vingine viwili mkononi, na vyote alikuwa amevipokea kwa maneno ya mdomo.