Bei ya fungu ilinganishwe na bei gani?

Mhariri,

Ukinunua mashati ya mitumba pale Karume, Ilala, muuzaji atakuhesabia faida yako mwenyewe. Shati moja anataja 8,000. Manne ni 32,000, mnavutana hadi 24,000, kisha anakwambia, “Bosi, umeokoa elfu nane!”

Kugawanya ni rahisi: 24,000 kwa mashati 4 ni 6,000 kila moja. Tatizo ni hiyo 8,000, bei ya kutajwa ambayo mzoefu hailipi. Kwanza patana shati moja peke yake, kana kwamba hutaki jingine. Likishuka hadi 6,500, manne yangekuwa 26,000. Basi fungu limekuokolea 2,000 tu, yaani 500 kwa shati. Si haba, lakini si elfu nane.

Tena geuza kila shati, tazama kwapa na kola kwenye mwanga, hasa lile analoliongeza mwenyewe haraka haraka. Moja likiwa limechanika, pesa yako imenunua matatu: 24,000 kwa 3 ni 8,000. Umerudi kwenye bei aliyoitaja mwanzo, na kitambaa cha kudekia juu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam