Kabla ya kumtafuta mwizi ghalani

MIZANI YA WIKI
Na Zuhura Makame

Kisa hiki ni cha kubuni, ingawa aliyewahi kushika funguo za ghala hatakiona kigeni. Ni saa nne usiku katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri lori litaondoka kwenda Dodoma na katoni 1,008 za mafuta ya kupikia, yaani paleti 21 za katoni 48 kila moja. Kompyuta inaonyesha stoo ina katoni 1,020, na ofisi ya mauzo ilipoahidi mzigo iliitegemea namba hiyo. Msimamizi wa zamu ya usiku amehesabu kwa mkono akapata 984. Zimepungua 36. Karani aliye kwenye kompyuta anatoa ushauri unaotolewa kila usiku katika maghala mengi: “Bosi, tuandike upungufu, tusawazishe, tupakie. Asubuhi walinzi watajieleza.”

Hoja yangu ni kwamba ushauri huo ni mbaya kibiashara, tukiweka kando kwanza suala la haki. Tofauti kati ya kitabu na rafu ni dalili, na dalili hiyo inazo habari ndani yake kama mtu atakubali kuisoma. Anayesawazisha kabla ya kuisoma anafuta alama ambazo zingemwonyesha kilichotokea.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha mwendo. Foklifti inazimwa na hakuna katoni inayoingia wala kutoka, kwa sababu ukihesabu mzigo unaotembea utahesabu paleti moja mara mbili au hutaiona kabisa. Kisha anaitwa mtu wa pili ahesabu upya bila kuambiwa kitabu kinasema nini wala wa kwanza alipata ngapi. Sababu yake ni ya kibinadamu: anayejua kwamba jibu linalotakiwa ni 1,020 atalipata, hata kama itabidi akadirie safu za nyuma kwa macho. Mtu wa pili anapita pia sehemu ya kupakilia na kona ya mizigo iliyorudishwa, mahali ambapo paleti husahaulika. Katika kisa chetu naye anapata 984: paleti 20 kamili, na juu ya paleti ya mwisho katoni 24, tabaka tatu za katoni nanenane. Basi rafu haina kosa. Kinachobaki kutazamwa ni karatasi.

Hapo msimamizi anaitazama 36 yenyewe. Kama ingekuwa 48, angetafuta paleti nzima iliyowekwa rafu isiyo yake. Lakini 36 si paleti, na wala haigawanyiki kwa nane, kwa hiyo si tabaka kamili zilizoshushwa mahali. Hata hivyo inagawanyika kwa tisa, na jambo hili wahasibu wa zamani walilijua kabla kompyuta haijaingia ofisini. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea lazima igawanyike kwa tisa. Andika 384 kisha andika 348: kwenye makumi umepoteza 40, kwenye mamoja umepata 4, zimepungua 36. Hii haithibitishi kitu. Kati ya kila tofauti tisa, moja itagawanyika kwa tisa kwa bahati tu. Inachofanya ni kukuonyesha faili la kufungua kwanza, na saa tano usiku hilo si dogo.

Msimamizi anafungua miamala ya mafuta tangu hesabu ya mwisho iliyokubaliana, siku tatu nyuma. Mizigo iliyotoka ni michache, na mmoja unamkwama machoni: juzi alasiri, katoni 348. Kwa paleti za 48, hiyo ni paleti saba na katoni 12, tabaka moja na nusu. Nani anapakia tabaka na nusu kwa mnunuzi wa jumla? Anaitoa karatasi ya kupakia iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa na dereva. Inasema 384, paleti nane kamili. Hata hivyo karatasi moja dhidi ya kompyuta moja ni neno kwa neno, kwa hiyo anakwenda getini. Katika daftari la askari, karibu na namba ya gari, kuna vijiti vinne vilivyokatwa kwa cha tano, kisha vijiti vitatu. Nane. Na askari huyo ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa wa karani.

Tazama sasa ambacho kingetokea kwa kusawazisha. Ankara ilitolewa na kompyuta, kwa hiyo mnunuzi wa juzi alitozwa katoni 348 akapokea 384. Katoni 36 hazikuibwa wala hazikuvunjika. Ziko dukani kwa mtu ambaye hajazilipia. Zikiandikwa kuwa upotevu, deni hilo linakufa na hakuna atakayelidai. Kampuni ingepoteza fedha halali, halafu ingejaribu kuzifidia kwenye mishahara ya watu ambao hawakugusa kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu makato hayo kirahisi. Inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, aonyeshwe kwa maandishi chanzo cha hasara na jinsi ilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwajiri ambaye usiku ule ule ameshasawazisha hesabu ataonyesha chanzo gani?

Wapo watakaosema wizi upo, na kwamba maelezo haya yanawapa wezi kichaka. Wizi upo kweli. Lakini mwizi hupata nafasi nzuri zaidi katika ghala linalosawazisha kila usiku, kwani katoni zake zinafutwa pamoja na makosa ya makarani. Ghala linalofuatilia kila tofauti hufikia siku ambayo karatasi zote zinakubaliana na rafu haikubali, na hapo tuhuma ina mguu wa kusimamia. Wengine watasema tununue mashine za kusoma msimbo pau. Zinasaidia sana kutambua ni bidhaa gani, lakini palipo na desturi ya kusoma katoni moja na kupiga idadi kwa kidole, 384 itageuka 348 vilevile.

Pingamizi zito ni la muda, kwa kuwa lori halingoji. Hata hivyo msimamizi hakuhesabu ghala zima. Alihesabu bidhaa moja iliyokuwa kwenye oda, akafungua faili moja na daftari moja. Na kujua sababu hakukumwongezea katoni hata moja; mzigo wa Dodoma bado umepungukiwa na 24. Tofauti ni kwamba kabla ya saa sita usiku ameshampigia mkuu wa mauzo, ambaye hakufurahi kuamshwa, wakakubaliana 24 zifuate na gari la pili na mteja aarifiwe kabla lori halijafika. Kupakia 984 kwa hati ya 1,008 kungezaa tofauti mpya, safari hii kwenye stoo ya mteja, na dereva wa lori ndiye angedaiwa. Hati ikachapishwa upya, ikaandikwa 984. Chini yake, kwenye meza ya karani, ikaachwa nakala ya karatasi ya juzi ili ankara ya katoni 36 itoke ofisi ikifunguliwa.