Namba ya Oda Wanayo Wao

"Ndugu mteja, malalamiko yako yametufikia bila namba ya oda wala maelezo. Hivyo tumeyafunga. Tafadhali wasilisha upya."

Jibu hili nalipinga. Sipingi kuulizwa namba, kwa maana anayejibu wateja hupokea jumbe nyingi zenye neno moja tu, "Mzigo?", na hawezi kupiga ramli. Ninachopinga ni lile neno "tumeyafunga", pamoja na hesabu ya siku inayojificha nyuma yake.

Jibu hilo alilipata mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja hapa Kampala. Aliagiza jiko la umeme la sahani mbili, akalipa shilingi 145,000 kwa simu, na bodaboda akamletea Jumatatu. Sahani moja haikupata moto. Kampuni inarudisha bidhaa mbovu ndani ya siku saba tangu ifike, basi Jumanne jioni akajaza fomu yao, akaandika namba ya oda, akaeleza tatizo na kuambatanisha picha. Jibu lilikuja Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, ofisi zikiwa zimeshafungwa. Alipotuma tena Jumanne asubuhi, aliambiwa muda wa kurudisha umekwisha. Katika siku saba alizopewa, sita zilikaa mezani kwao.

Na maelezo yalikwenda wapi? Nilichukua simu yake tukaijaribu fomu ile. Tulipotuma pamoja na picha ileile, ujumbe wa kuthibitisha ulirudi ukiwa na jina na namba ya simu tu; visanduku vingine vyote vilikuwa vitupu. Tulipotuma bila picha, kila neno lilirudi. Tulipoipunguza picha ukubwa, kila kitu kilipita. Kwa hiyo picha kubwa ilikuwa inameza maandishi, na fomu haikutoa onyo lolote. Mtu wa huduma angeweza kulishuku jambo hili bila ufundi wowote: mteja anayejaza jina na simu kwa usahihi, kisha akaacha patupu mahali pa shida yenyewe, ni mteja wa ajabu sana. Wakija watatu wa namna hiyo kwa wiki, tatizo liko kwenye fomu.

Tena, namba ya oda si mali ya mteja. Kampuni ndiyo iliyoitunga, ikaiandika kwenye daftari lake, ikamtumia mteja kwa ujumbe mfupi. Namba ya simu ilifika salama, na ni ileile iliyolipa na ileile ambayo bodaboda alipiga akiwa getini. Kuitafuta kwenye orodha ya mauzo ya wiki moja ni kazi ya dakika chache.

Wanaolitetea jibu hili husema kuwa namba ya simu haitoshi, kwani tapeli anaweza kuandika namba ya mtu mwingine ili apate habari za oda yake. Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu. Mtu asitajiwe alichonunua wala mahali kilikopelekwa kabla hajathibitishwa. Lakini kuthibitisha ni kuuliza: ulilipa kiasi gani, na siku gani? Au kuipigia simu ile ile iliyo kwenye oda. Kufunga malalamiko hakumzuii tapeli, ambaye atajaribu tena kesho kwa kuwa hana siku saba zinazomkimbiza.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuitazame pia sentensi yenyewe. "Malalamiko yametufikia bila namba." Mtenda ni malalamiko, kana kwamba yalitembea kwa miguu yakaangusha mzigo njiani. Hakuna aliyepoteza kitu. Kisha ghafla, kwenye "wasilisha upya", anatokea mtu, naye ni mteja. Sentensi ya kweli ingekuwa "hatukuona namba ya oda", kwa sababu hilo tu ndilo walilolijua.

Kama ningepewa kiti hicho, ningeandika hivi: "Habari ya jioni, dada. Ujumbe wako tuliupokea Jumanne, na siku zako za kurudisha bidhaa tumezisimamisha tangu siku hiyo. Tumeona jina na simu yako, lakini hatukuona namba ya oda wala maelezo. Huenda fomu yetu haikuyapitisha. Namba hiyo inaanza na herufi mbili, iko kwenye ujumbe mfupi tuliokutumia ulipolipa. Kama umeufuta, tuambie siku uliyolipa na kiasi, kisha utueleze kilichoharibika. Jibu hapahapa, usijaze fomu tena."

Jibu hilo ni refu kuliko lao kwa mistari michache. Mwenzangu bado anapika kwa sahani moja. Wali ukiiva, mchuzi unangoja zamu.