Poli zinazohama Kona Baridi: majibu kwa madai manne kuhusu vichujio

Kona Baridi, barabara ya Magadi ikianza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa, upepo haupumziki. Ukifukia kipima mitetemo hapo, kitarekodi uzio unaotikisika na malori, na upande wa Ngong kuna mitambo ya upepo ya KenGen. Mtu anayetafuta mawimbi marefu ya matetemeko ya mbali atataka kichujio kinachopitisha yaliyo chini ya Hz 1. Tuchukue kichujio cha Butterworth cha daraja la nne, sampuli 100 kwa sekunde, kwenye kidhibiti kidogo cha biti 16. Kichujio hiki kinatosha kupima madai manne ninayoyasikia mara kwa mara kwa mafundi.

Dai la kwanza: "Kosa la 0.0001 kwenye kizigeu halina madhara."

Vizigeu vya mrejesho vya kichujio hiki, vikiandikwa kwa umbo la moja kwa moja, ni hivi:

```
1  -3.835826  5.520819  -3.533535  0.848556
```

Ukubwa wa 5.52 unalazimu biti tatu zitumike kwa sehemu nzima na moja kwa alama, kwa hiyo zinabaki 12 za desimali. Hatua moja ni 1/4096. Zidisha kila kizigeu kwa 4096, kisha ukaribishe:

```
4096  -15712  22613  -14473  3476
```

Sasa jumlisha. Jibu ni sifuri kamili, wakati jumla ya vizigeu vya awali ilikuwa takriban 0.0000144. Jumla hiyo ni thamani ya mlinganyo wa mrejesho pale z = 1, na ikiwa sifuri, poli moja imekaa juu ya 1, kwenye ukingo wenyewe wa duara la uthabiti. Kila kipima mitetemo kina mkengeuko mdogo usiobadilika. Kichujio hiki kitaulimbikiza sampuli baada ya sampuli, na mstari utapanda mpaka biti zijae. Kwenye grafu ishara ni hiyo: mteremko ulionyooka hata ardhi ikiwa imetulia.

Sababu ni msongamano. Poli zote nne zimebanana karibu na 1, na kadiri poli moja inavyokaribiana na wenzake, ndivyo kosa la kizigeu linavyoisukuma mbali zaidi. Kwa jozi iliyo karibu zaidi na ukingo, kosa hukuzwa zaidi ya mara 2,000.

Dai la pili: "Tumia umbo lililogeuzwa, tatizo litaisha."

Umbo lililogeuzwa hubadilisha mpangilio wa kujumlisha na kuchelewesha, lakini vizigeu ni vilevile. Vikikaribishwa vilevile, poli zitahamia palepale, na jumla itabaki sifuri. Faida yake iko kwingine: katika hesabu za desimali zinazoelea, huzaa kelele ndogo zaidi ya kukaribisha matokeo ya kati. Hiyo ni kelele inayozalishwa kichujio kikifanya kazi. Kuhama kwa poli hutokea mara moja, siku unapoandika vizigeu kwenye kumbukumbu.

Dai la tatu: "Mfuatano ni hesabu ileile, umegawanywa tu."

Kwa namba zisizo na kikomo cha biti, ni kweli. Kwa biti chache, si kweli. Gawa kichujio katika sehemu mbili za daraja la pili na utumie hatua ileile ya 1/4096:

```
4096  -7984  3904
4096  -7728  3647
```

Jumla ni 16 na 15. Zilizokusudiwa ni takriban 15.8 na 15.3. Poli zote zinabaki ndani ya duara, na mkuzo wa mawimbi ya chini kabisa hubadilika kwa takriban asilimia 0.5 tu. Ndani ya sehemu yake, kila poli ina jirani mmoja tu, pacha wake, na kwa jozi tuliyoitaja kosa hukuzwa takriban mara 9. Zaidi ya hayo, hakuna kizigeu kinachofika 2, kwa hiyo unaweza kurudisha biti mbili kwenye desimali na kufanya hatua iwe 1/16384.

Dai la nne: "Ukiweka mfuatano, umemaliza."

Shusha mpaka wa kichujio hadi Hz 0.01 bila kubadilisha kasi ya sampuli. Jumla ya vizigeu vya kila sehemu inakuwa takriban 0.0000004, wakati hatua ya 1/16384 ni takriban 0.00006. Hata poli ya sehemu moja iliyo peke yake inaweza kutua juu ya 1, kwa sababu karibu na hapo poli zinazoweza kuandikwa kwa biti hizo ni chache na ziko mbalimbali. Dawa ni kupunguza kwanza kasi ya sampuli kwa hatua, kila moja ikiwa na kichujio chake, au kuhifadhi vizigeu kwa biti 32.

Kwa hiyo, kabla ya kufukia kifaa, jumlisha vizigeu vilivyokwisha kukaribishwa vya kila sehemu. Jumla ikiwa hatua chache tu juu ya sifuri, poli zako zinaamuliwa na bahati ya kukaribisha. Ikiwa sifuri au chini yake, usikifukie.