Mahepe huzuiwa siku ya kuanguliwa
Mtetea wa wiki 12 anapolala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mfugaji hukimbilia vitamini. Kama ni mahepe, yaani mareksi, amechelewa: virusi vimekwisha kuotesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu, na tiba hakuna. Chanjo yake hudungwa chini ya ngozi ya shingo, kifaranga akiwa wa siku moja, palepale kwenye kituo cha kutotolesha. Kwa hiyo tunataka kila boksi la vifaranga liuzwe pamoja na cheti cha chanjo hiyo. Hata hivyo, chanjo huzuia uvimbe tu, si maambukizi. Kwa hiyo mfugaji bado awatenge vifaranga na kuku wakubwa, hasa wiki ya kwanza kinga inapojengeka, kwani virusi husambaa kwa vumbi la manyoya.