Tumbo linapouma chini kushoto, na homa juu yake

Mtu akiumwa na tumbo hapa mjini, mara nyingi huwa amekwisha kujitibu kabla ya kumwona daktari. Jirani humwambia ni amiba, mwenye duka la dawa humpa vidonge vya vidonda vya tumbo, na akiwa na homa pia huambiwa ni malaria au homa ya matumbo. Pengine mmoja wao atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, msomaji, kuna ugonjwa mmoja ambao hujitambulisha kwa dalili tatu zinazokuja pamoja: maumivu chini ya tumbo upande wa kushoto, homa, na choo kilichobadilika. Madaktari huuita divertikulaitisi, yaani kuvimba kwa vifuko vya utumbo mpana.

Ili uelewe kwa nini dalili hizo huandamana, yafaa kwanza uujue utumbo mpana ulivyolala. Huanzia chini upande wa kulia, mahali kilipo kidole tumbo, hupanda hadi karibu na mbavu, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka. Sehemu inayokaribia mwisho imepinda mfano wa herufi S. Ina urefu wa kama sentimita 40, nayo hukaa chini kushoto, jirani na kibofu cha mkojo. Hapo ndipo utumbo huo ulipo mwembamba zaidi, na choo hufika hapo kikiwa kimekwisha kunyonywa maji na kuanza kuwa kigumu. Misuli hulazimika kukaza kwa nguvu ili kukisukuma.

Sasa, ukuta wa utumbo una sehemu dhaifu, nazo ni pale mishipa ya damu inapopenya msuli. Shinikizo likiwa kubwa mwaka baada ya mwaka, utando laini wa ndani husukumwa nje kupitia sehemu hizo na kufanya vifuko, kama vile tyubu ya baiskeli inavyochomoza mahali tairi lilipochakaa. Vingi havizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Huwapata sana watu waliopita umri wa miaka 40, na wengi huishi navyo hadi kufa bila kujua. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 wenye vifuko hivi, wasiofika 5 ndio ambao vitawavimba.

Kuvimba huanza kipande cha choo kigumu kinapokwama kwenye mdomo wa kifuko, au ukuta wake mwembamba unapopata tundu dogo lisiloonekana kwa macho. Bakteria ambao kwa kawaida hukaa ndani ya utumbo bila kudhuru hupenya na kuingia wasipostahili. Mwili huanza kupigana nao, na vita hivyo ndivyo huleta homa. Sehemu iliyovimba hugusa utando unaozunguka matumbo, ambao ni mwepesi wa kuhisi, na hapo maumivu hutulia mahali pamoja. Utumbo wenyewe nao, kwa kuwa umevimba na kukaza, hushindwa kupitisha choo kama kawaida. Ndiyo sababu mgonjwa mmoja hufunga choo na mwingine huhara. Kibofu kikiguswa, mtu huenda haja ndogo mara kwa mara akadhani ana ugonjwa wa njia ya mkojo.

Hebu tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 58, karani anayekaa kutwa kitini. Siku ya Ijumaa anahisi maumivu yasiyo na mahali maalum chini ya kitovu. Jumamosi yamehamia kushoto, hayaachi, na akikohoa au matatu ikiruka tuta yanamchoma zaidi. Hajaenda choo siku mbili. Jioni anatetemeka, na kipimajoto kinaonyesha nyuzijoto 38.4. Mtu huyu akinunua dawa ya kuharisha, atausukuma kwa nguvu utumbo ambao tayari umeumia. Akinywa ibuprofeni au diklofenaki, maumivu yatapungua lakini atazidisha hatari ya kifuko kutoboka. Parasetamo ni salama zaidi wakati akielekea hospitalini.

Huko daktari atambonyeza tumbo, na akifika chini kushoto mgonjwa ataruka. Damu itapimwa kuona kama chembechembe nyeupe zimeongezeka, na vilevile kama kuna malaria. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni picha ya siti skani, ambayo huonyesha vifuko, ukuta ulionenepa, na kama kuna jipu. Lakini si kila maumivu ya mahali hapo ni vifuko. Jiwe la figo laweza kuuma hivyo, na saratani ya utumbo pia. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, jambo la kwanza kuondolewa shaka ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Tena kuna watu ambao vifuko vyao huwa upande wa kulia, hasa katika nchi za bara la Asia, nao huonekana kama wana ugonjwa wa kidole tumbo.

Karani wetu akiwa hana jipu wala tundu, huenda akatibiwa nyumbani kwa vinywaji na vyakula laini kwa siku chache. Siku hizi madaktari hawaagizi viuavijasumu kwa kila mgonjwa mwenye hali nyepesi. Huamua kwa kuangalia umri, homa na magonjwa mengine aliyo nayo. Jipu likiwapo, atalazwa, apewe dawa kupitia mshipa, na usaha huenda ukahitaji kutolewa. Utumbo ukitoboka na uchafu kumwagika tumboni, ni lazima apasuliwe upesi. Baada ya kupona, wiki 6 hadi 8 hivi, wagonjwa wengi hushauriwa wachunguzwe utumbo kwa ndani kwa kamera, kuhakikisha hapakuwa na saratani iliyojificha. Kamera hiyo haitiwi wakati utumbo ungali umevimba, kwa maana yaweza kuutoboa.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa nadra sana hapa kwetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliliona jambo hilo. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba vifuko hutokana na vyakula vilivyokobolewa, visivyo na nyuzinyuzi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba urithi, unene, sigara na kukaa bila kutembea pia vimo, lakini nyuzinyuzi bado zinahesabiwa kuwa kinga. Basi unga usiokobolewa, maharagwe, sukuma wiki na matunda havikosi maana mezani. Njugu, ambazo wengi huziogopa, hazikuonekana kuleta madhara katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000.

Dalili hizo tatu zikikukuta pamoja, usingoje zipite: mwone daktari siku hiyo hiyo. Na tumbo likiwa gumu kama ubao, ukitapika kila unachomeza, au choo kikiwa na damu nyingi, usingoje hata kupambazuke.