Mna Shaka na Binti, Hamna Shaka na Zege

Waandaaji wa siku ya taaluma kwa vijana waliponialika nizungumze kama mhandisi mwanamke, mada waliyonipa ilikuwa "Jiamini, Unaweza". Niliikataa. Dar es Salaam haina upungufu wa watu wanaojiamini, na baadhi yao ndio wanaotujengea maghorofa. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Kibali chake, kwa maelezo ya mamlaka, kilikuwa cha ghorofa 10. Kuongeza sita juu ya kumi ulizoombea kibali kunahitaji kujiamini kwa kutisha. Novemba 2024 likaanguka jengo jingine, Kariakoo, watu wakiwa ndani.

Kwa hiyo niliwaambia wanafunzi wale kwamba mimi nalipwa mshahara kwa kuwa na shaka. Nafanya kazi ya kupima vifaa vya ujenzi: mchanga, kokoto, nondo, na zaidi ya yote zege. Na hasira yangu ni kwamba kwenye saiti zetu shaka yote imeelekezwa mahali pasipostahili. Binti akiingia na kofia ya usalama, kila mtu anamtilia shaka, kuanzia mlinzi wa getini. Zege ikishuka kutoka kwenye mikisa hakuna anayeishuku, ilimradi ni ya kijivu.

Tena msinidanganye kwamba saiti haimjui mwanamke. Wanawake wamebeba ndoo za maji na makarai ya zege kwenye saiti za nchi hii miaka yote, wakipanda nazo ngazi za mbao zisizo na mahali pa kushika. Hakuna aliyewahi kuuliza kama wanaweza. Maswali ya maumbile, ya ndoa na ya "kazi ngumu hii, dada" yanaanza siku mwanamke aliyekuwa akibeba maji anaposema maji yametosha.

Na maji ndiyo kesi yenyewe. Chukua nguzo za ghorofa ya chini zilizoagizwa zege ya daraja la 25, yaani ifikapo siku ya 28 ibebe mgandamizo wa nyutoni 25 kwa kila milimita moja ya mraba. Tuseme mchanganyiko uliokubaliwa ni lita 25 za maji kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Asubuhi mambo yanakwenda. Ikifika saa tano jua limekaza, kokoto zina joto, zege inagoma kupita katikati ya nondo. Hapo ndipo mtu anaongeza maji, nusu ndoo tu, lita 10 hivi kwa kila mfuko. Zege inalainika kama uji, vijana wanapumua, msimamizi anafurahi kwa sababu kazi itakwisha mapema. Lakini uwiano wa maji kwa saruji umetoka 0.5 ukafika 0.7, na nguvu ya nguzo ile inaweza kuwa imepungua kwa theluthi moja. Maji yasiyohitajiwa na saruji hukauka na kuacha matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Mbao zikitolewa, nguzo inapendeza kabisa.

Njia ya kulikamata hilo haihitaji misuli wala sauti nene. Unachukua koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo ya chuma mara 25, kisha unainua koni taratibu na kupima zege imeshuka kiasi gani. Ikiwa iliyoagizwa ni ya kushuka milimita 75 na hii imeshuka 160, kuna jambo limefanyika, na jambo la kwanza la kuuliza ni maji. Kama kweli zege inahitaji kulainika, kuna dawa maalumu za kuilainisha, au unaongeza saruji pamoja na maji kwa uwiano uleule. Maji peke yake, hapana.

Hapo ndipo huwa naambiwa niende nikakae kivulini.

Kuna ujanja mwingine ambao wanafunzi wale walinyamaza kuusikiliza. Tunatengeneza michemraba ya zege ya milimita 150 kila upande, tunaitunza ndani ya maji, kisha tunaipasua kwenye mashine, mingine siku ya 7 na mingine siku ya 28. Mkandarasi mjanja anajaza michemraba hiyo kwa zege ya kwanza ya asubuhi, iliyopimwa vizuri na pengine kuongezewa saruji. Majibu yanakuja ya kupendeza, ila nguzo imemwagwa ya saa tano. Mpimaji mwenye shaka anachota sampuli pale zege inapoingia kwenye nguzo, saa ambayo hakuitangaza. Kabla ya kupasua anaupima mchemraba uzito: ukiwa umeshindiliwa vizuri unakaribia kilo 8, na ukipungua sana ujue ndani una hewa. Na majibu yakifanana mno, namba kwa namba, ndipo anapaswa kushtuka zaidi, kwa sababu zege halisi hutofautiana hata ikichotwa kwenye mikisa moja.

Sasa niambieni, kwenye kazi hii uvumilivu ni nini? Wahamasishaji wanapenda kusimulia uvumilivu wa machozi: nilidharauliwa, nikasali, nikafaulu. Uvumilivu ninaoujua mimi ni wa kusimama juani mpaka karai la mwisho, kisha kurudi siku ya 7 kuona kama mchemraba umefikia takriban theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa, kisha kurudi siku ya 28 kuona kama utavumilia zaidi ya tani 57 kabla ya kupasuka. Unachosha, na hauna hadithi ya kusimulia.

Ndiyo maana fani hii haina wengi. Vijana wanaopenda uhandisi wanataka kuchora maghorofa kwenye kompyuta, na wazazi wao wanaona maabara ya vifaa ni vumbi tu. Njia iko wazi: fizikia, kemia na hisabati hadi kidato cha sita, kisha miaka minne ya chuo kikuu, au baada ya kidato cha nne, stashahada ya ujenzi kwenye vyuo kama DIT au Chuo cha Ufundi Arusha. Mwenye shahada anapitia mafunzo kazini ya miaka mitatu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Katika miaka hiyo mitatu wasichana wengi hupewa kazi ya kupanga mafaili ofisini, na hilo ni wizi. Kitabu chako cha mafunzo kinapaswa kuonyesha kazi ulizofanya. Ukipewa mafaili mwaka mzima, andika mafaili, na mpelekee msimamizi atie saini yake chini ya aibu hiyo.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza: majibu ya siku ya 28 yakiwa mabaya na ghorofa mbili zimeshapanda juu ya nguzo hizo, unafanya nini? Lilikuwa swali bora la siku nzima. Nilimjibu kwamba kwanza unasimamisha kazi kwa maandishi, kwenye kitabu cha saiti, ukiweka tarehe na saini, nakala ukabaki nayo. Kisha unatafuta nondo zilipo kwa kifaa cha kuzitambua ili usizikate, unachimba vipande vya mviringo kutoka kwenye nguzo zenyewe, si kutoka kwenye michemraba ya mtu, na unavipasua. Vikishindwa, mhandisi aliyesanifu anapiga hesabu upya: nguzo ziimarishwe au zivunjwe. Wakati huo simu itakuwa inaita, mkandarasi, mwenye jengo, na mtu mkubwa anayemjua mwenye jengo. Wote watakuuliza una uhakika gani. Wasomee namba iliyotoka kwenye mashine, halafu waulize wao uhakika wao umetoka kwenye kipimo gani.